Mkunjo unaokosa nukta zote saba

*“Mtaalamu, ninafundisha fizikia kidato cha tatu. Wanafunzi wangu waliangusha kokoto mbele ya futi tuliyoibandika ukutani, tukarekodi kwa simu, tukasoma umbali kila baada ya sehemu moja ya kumi ya sekunde, kuanzia 0 hadi 0.6. Tulipata sm 3, 8, 26, 53, 87, 135 na 190. Excel ilinichorea mkunjo wa digrii ya 6 unaopita katika nukta zote saba. Mkunjo wa digrii ya 2 haupiti hata kwenye nukta moja. Mwanafunzi mmoja akaniuliza: inakuwaje unaokosa zote uwe sahihi kuliko unaozipata zote? Nilikosa jibu.”*

Mwalimu, kabla ya kurudi kwenye Excel, fanya hesabu ya kutoa ubaoni, mwanafunzi huyo akiwa mbele. Toa kila kipimo kutoka kwa kinachofuata, utapata 5, 18, 27, 34, 48, 55. Hizo ni sentimita ambazo kokoto ilisafiri katika kila sehemu ya kumi ya sekunde. Sasa toa tena hizo zenyewe kwa zenyewe: 13, 9, 7, 14, 7.

Kitu kinachoanguka kwa mchapuko usiobadilika kinatakiwa kutoa namba ileile kila mara kwenye safu hii ya pili. Na kwa kuwa hatua zenu ni za sekunde 0.1, namba hiyo ya sentimita ndiyo g yenyewe kwa mita kwa sekunde mraba, bila kuzidisha na chochote. Huku kwetu karibu na ikweta g ni takriban 9.78. Kwa hiyo tukiviamini vipimo vyenu kama vilivyo, kokoto ilianza kuanguka kwa g ya 13, ikapungua hadi 9, halafu 7, ikapanda ghafla hadi 14, ikashuka tena 7, yote haya ndani ya nusu sekunde na ushei. Hakuna kokoto inayoanguka hivyo.

Angalia vizuri kila namba kati ya hizo tano imetoka wapi. Ile 13 ni parabola inayopita sawasawa katika nukta tatu za kwanza. Ile 9 ni parabola inayopita sawasawa katika nukta ya pili, ya tatu na ya nne. Na kuendelea hivyo. Kila parabola imegusa nukta zake tatu bila kukosa hata unywele, na bado zote tano zinapingana juu ya kitu kimoja kisichobadilika. Hapa ndipo penye jibu la swali la mwanafunzi wako: kugusa nukta ni jambo moja, kusema ukweli kuhusu kokoto ni jambo jingine, kwa sababu nukta yenyewe si kokoto. Nukta ni kokoto pamoja na kosa la jicho lililosoma futi.

Kosa lenyewe si kubwa. Nikiangalia vipimo vyenu, naliona ni kama sentimita moja huku au kule, na kwa futi, simu na kokoto hiyo ni kazi nzuri. Lakini unapotoa mara mbili, nukta ya katikati inahesabiwa mara mbili kwa alama ya kutoa, na jirani zake wawili wanaongezwa. Nukta ya katikati ikisomwa sm 1 pungufu na jirani zake sm 1 zaidi, namba yako imehama kwa 4. Ndiyo maana 9.78 inaweza kuonekana kama 13 bila mtu yeyote kufanya uzembe.

Sasa tuje kwenye mkunjo wako wa digrii ya 6. Huo haufanyi jambo tofauti, unaliendeleza lilelile hadi mwisho. Endelea kutoa: safu ya tatu ni -4, -2, 7, -7, ya nne ni 2, 9, -14, ya tano 7 na -23, ya sita imebaki namba moja, -30. Kwa kokoto halisi safu hizi zote kuanzia ya tatu zingekuwa sifuri. Zenu si sifuri, na badala ya kufifia zinazidi kukua, na hiyo ndiyo alama ya makosa ya upimaji yanayojizidisha kila unapotoa. Mkunjo wa digrii ya 6 unayachukua yote hayo na kuyaita tabia ya kokoto.

Kama unataka kumwonyesha mwanafunzi kwa namna ambayo hataisahau, mwambie aulize mkunjo huo kokoto ilikuwa wapi sekunde ya 0.7. Hana haja ya kompyuta. Arudi juu kwenye ngazi zilezile: -30 inaongezwa kwa -23 inakuwa -53, hiyo kwa -14 inakuwa -67, kwa -7 inakuwa -74, kwa 7 inakuwa -67, kwa 55 inakuwa -12, kwa 190 inakuwa 178. Sekunde ya 0.6 kokoto ilikuwa sm 190 chini. Sekunde ya 0.7, kwa mujibu wa mkunjo unaopita katika nukta zote saba, iko sm 178. Imegeuka inapanda.

Sababu ni ya kuhesabu tu. Mkunjo wa digrii ya 6 una namba saba za kuchagua, na ninyi mna vipimo saba. Namba saba zinatosha kutimiza masharti saba yoyote, yawe ya kweli au ya kubuni. Ungewapa wanafunzi wakutajie namba saba za bahati nasibu, mkunjo huo ungezipitia zote kwa raha ileile. Kwa hiyo kupita kwake katika nukta zenu si ushahidi wa chochote: usingeweza kushindwa.

Mkunjo wa digrii ya 2 una namba tatu tu, nanyi mna vipimo saba. Hauwezi kuwaridhisha wote, na hiyo ndiyo faida yake. Inabidi tukubaliane ni kukosa kupi kunakokubalika. Njia inayotumika, ambayo mwanahisabati Legendre aliichapisha mwaka 1805 akishughulika na njia za vimondo vyenye mkia, inasema hivi: kwa kila kipimo, chukua umbali uliosomwa, toa umbali ambao parabola inasema, na tofauti hiyo tuiite salio. Zidisha kila salio kwa lenyewe, jumlisha, kisha chagua parabola ambayo jumla yake ni ndogo kuliko za parabola nyingine zote. Kuzidisha salio kwa lenyewe kunaondoa alama za kutoa ili makosa yasifutane kijanja, na kunaifanya parabola iogope zaidi kosa moja kubwa kuliko madogo mengi.

Tuifanye kwa mkono, kwa sababu kwa vipimo vyenu inatoka vizuri. Usitumie muda kama ulivyo. Hesabu hatua kutoka katikati: sekunde 0.3 iwe 0, zilizo kabla yake ziwe -1, -2, -3, zilizo baada yake 1, 2, 3. Namba hii tuiite u. Tunatafuta parabola

```
s = a + b·u + c·u²
```

Jumla ya masalio yaliyozidishwa kwa yenyewe inakuwa ndogo kabisa pale masharti matatu yanapotimia: masalio yakijumlishwa yatoe sifuri, yakizidishwa kila moja kwa u yake kisha yakajumlishwa yatoe sifuri, na yakizidishwa kwa u² vilevile sifuri. Masharti matatu, namba tatu za kutafuta. Kwa vipimo vyenu, jumla ya s ni 502, jumla ya u·s ni 876, jumla ya u²·s ni 2422. Upande wa u, jumla ya u² ni 28 na ya u⁴ ni 196, na jumla za u na u³ zinafutana kwa sababu tumeanzia katikati. Hivyo:

```
7a  + 28c  = 502
28b        = 876
28a + 196c = 2422
```

Zidisha mstari wa kwanza kwa 4, utoe kutoka kwa wa tatu: 84c = 414, kwa hiyo c ni 4.93. Kutoka hapo a ni 52 kamili, na b ni 31.29. Mchapuko ni mara mbili ya c, na kwa hatua za 0.1 s hiyo ni 9.86 kwa mita kwa sekunde mraba. Kutoka kwenye zile 13, 9, 7, 14, 7 tumetoka na 9.86. Na ukiiuliza parabola hii sekunde ya 0.7, inasema sm 256, bado inaanguka kama kokoto inavyotakiwa.

Ukitaka kuithibitisha kwa kompyuta, hii inatosha:

```python
import numpy as np
t = np.array([0, .1, .2, .3, .4, .5, .6])
s = np.array([3, 8, 26, 53, 87, 135, 190])
p = np.polyfit(t, s, 2)
print(2 * p[0])              # g kwa sm
print(s - np.polyval(p, t))  # masalio
```

Mstari wa mwisho ndio ninaoupenda kuliko wote, na ndio watu wengi hawauandiki. Masalio yenu, nikiyakadiria kwa desimali moja, ni 0.5, -1.1, 0.4, 1.0, -1.2, 0.7, -0.2. Yaangalie kwa macho. Alama zimechanganyika, hakuna mkia mmoja ulio mkubwa kuliko mwingine, na ukubwa wake ni ule wa mtu anayesoma futi kwenye picha ya simu. Hivyo ndivyo masalio mazuri yanavyokaa. Kama yangekwenda kwa mawimbi, ya kujumlisha mwanzoni, kisha kadhaa mfululizo ya kutoa, kisha kadhaa mfululizo ya kujumlisha, na ya kutoa mwishoni, ningekuambia parabola haitoshi, kuna kitu kingine kinachoisukuma kokoto, labda hewa. Ungeangusha mpira wa karatasi ungeanza kuona mpangilio wa aina hiyo.

Masalio pia ndiyo yanayokupa kiasi cha shaka. Yazidishe kwa yenyewe uyajumlishe: 4.71. Gawanya kwa 4, yaani vipimo saba kutoa namba tatu zilizotumika, kisha toa kipeuo cha pili: sm 1.09. Hilo ndilo kosa la kawaida la kipimo kimoja chenu, limetoka kwenye data zenyewe bila mtu kulikisia. Ukilibeba hadi kwenye g linakuwa takriban 0.24, kwa hiyo jibu la darasa lako ni 9.86, huku au kule 0.24, na 9.78 iko ndani. Jaribu hesabu hiyohiyo kwa digrii ya 6: masalio yote sifuri, gawanya kwa saba kutoa saba. Sifuri kwa sifuri. Mkunjo huo umekula kila kitu, hata habari za makosa yenu.

Nisije nikakudanganya kuhusu ukubwa wa faida, maana hapa watu hutia chumvi. Ungechagua nukta tatu tu, ya 0, ya 0.3 na ya 0.6, ukapitisha parabola sawasawa ndani yake, ungepata g ya 9.67, na kosa lake la kawaida lingekuwa karibu 0.3. Si mbali na 0.24. Kinachoziua zile parabola za jirani ni kwamba nukta zake zimebanana. Ukizitawanya, nukta tatu zinafanya kazi ya heshima. Tatizo ni kwamba nukta tatu haziachi salio. Ungekuwa na 9.67 mkononi bila njia ya kujua kama ni nzuri au mbovu. Ungechukua za 0.1, 0.3 na 0.5 ungepata 9.25, nayo ingeonekana kamili vilevile.

Kupitisha mkunjo sawasawa katika nukta kuna mahali pake, ambapo nukta hazina kosa. Zamani tulipotumia majedwali ya logi na sini, mtu aliyetaka thamani kati ya mistari miwili ya jedwali alipitisha mkunjo katika thamani za jirani, na alikuwa sahihi kufanya hivyo, kwa sababu namba za jedwali zilikuwa kweli hadi tarakimu ya mwisho. Hata hapo walichukua nukta chache za karibu. Mwanahisabati Runge alionyesha mwaka 1901 kwamba mkunjo mmoja wa digrii kubwa katika nukta nyingi zenye nafasi sawa unaweza kuyumba vibaya kwenye ncha hata kama hakuna kosa lolote kwenye data. Kwa data zenye kosa hali ni mbaya zaidi: ukikadiria sekunde ya 0.7, kosa la kawaida la sm 1 katika vipimo vyenu linakuwa kama sm 59 kwenye mkunjo wa digrii ya 6. Kwenye parabola yetu linakuwa sm 1.6.

Sasa mambo yanayoweza kukuharibia parabola nzuri. La kwanza ni nukta za ncha. Tuseme mwanafunzi aliandika 180 badala ya 190 pale mwisho. Parabola inavutwa, g inashuka hadi 8.67. Utasema, basi salio litamfichua. Halimfichui vya kutosha: nukta ya mwisho ina nguvu kubwa ya kuvuta mkunjo kwake, hivyo kosa la sm 10 litaonekana kama salio la sm 2.6 tu. Kosa hilohilo likifanyika kwenye sekunde ya 0.5 haligusi g hata kidogo, ingawa litahamisha a na b. Inashangaza, lakini fanya hesabu utaona: u² hapo ni 4, sawasawa na wastani wa u² zote. Kwa hiyo picha ya kwanza na ya mwisho zisomwe na watu wawili, kila mmoja peke yake, kabla ya kuingizwa.

La pili ni kulazimisha mkunjo uanzie sifuri. Excel ina sehemu ya kuchagua hivyo, na inavutia kwa sababu kwenye kitabu kokoto huanza sifuri. Yenu haikuanza sifuri. Parabola inasema kwamba kwenye picha mliyoiita 0 kokoto ilikuwa tayari sm 2.5 chini ya alama na inakwenda sm 17 kwa sekunde, maana yake mkono uliiachia kama sekunde 0.017 kabla ya picha hiyo. Simu ya picha 30 kwa sekunde haiwezi kunasa wakati halisi wa kuachia. Ukichukua njia ya mkato ya s = ½gt² na kipimo cha mwisho peke yake, unapata g ya 10.6, na kosa lote limetoka hapo.

La tatu ndilo linalonisumbua zaidi, kwa sababu masalio hayalioni. Kama futi iko ukutani na kokoto inaangushwa sm 20 mbele ya ukuta, na simu iko mita 3 kutoka ukutani, kila umbali unaousoma ni mkubwa kuliko halisi kwa karibu asilimia 7. Vipimo vyote vimetanuka kwa kiasi kimoja, parabola inakaa ndani yake vizuri kabisa, masalio yanabaki madogo, na g inatoka karibu 10.5. Njia hii inapunguza makosa yanayokwenda huku na kule. Kosa linalokwenda upande mmoja siku zote linapita moja kwa moja hadi kwenye jibu. Angusheni kokoto ikiwa karibu kabisa na futi, na simu isogezwe mbali.

Na mkirudia, msihangaike kwanza kuongeza idadi ya picha. Mkisoma picha zote 19 zilizomo ndani ya sekunde zilezile 0.6, shaka ya g inashuka kutoka 0.24 hadi kama 0.17. Mkiangusha kutoka ghorofani ili mpate sekunde 0.9, ambayo ni karibu mita 4, vipimo saba vilevile vinaishusha hadi karibu 0.11, mradi usomaji ubaki wa sentimita moja. Mwishoni mwa sekunde 0.9 kokoto itakuwa inakwenda karibu mita 9 kwa sekunde, kwa hiyo rekodini saa sita mchana juani, simu ifungue jicho lake kwa muda mfupi. Kivulini kokoto itaonekana kama mstari wa sentimita kadhaa, na mtakuwa mnabishana msome juu yake au chini yake. Ikiwa hivyo, chagueni ncha moja na msome hiyohiyo katika picha zote.